Ankara ya Mama Minza

Albina hakuwahi kuficha dharau yake, na padre wa parokia alikuwa ameshamwambia mara nyingi kwamba hiyo ndiyo dhambi atakayokufa nayo. Aliwadharau wanaokuja misani wakati mahubiri yamekwisha. Aliwadharau wanaoongea na simu msibani. Tangu kaka yake Vitus azikwe, wakati mahindi yanaanza kukauka mashambani, zamu ilikuwa ya Kasimiri, mtoto wa baba yao mkubwa, aliyekuja kutoka Mbeya kwa mazishi akasahau kurudi.

Kasimiri alikuja na koti la suti, akabaki nalo. Upepo wa Sumbawanga wa mwezi wa sita unampa mtu sababu ya kuvaa koti, lakini yeye alilivaa hata akiwa ndani ya duka, amekaa juu ya mifuko ya saruji, akieleza mambo. Ukoo ulikuwa umekaa ukasema duka la marehemu lisife, na Kasimiri, kwa kuwa alisomea biashara chuoni, amsaidie Albina. Albina alikuwa ameandika mauzo ya duka lile kwa miaka, naye aliitikia kama mtu anayekubali kugawiwa uji wa moto kiganjani.

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi na vya shambani: misumari, mabati, majembe, rangi, dawa ya kupe, kamba. Wateja wa pesa taslimu walilipa na kuondoka na risiti ya mashine. Taasisi na wale wakubwa walichukua mzigo kwa mwezi mzima, na mwisho wa mwezi waliletewa ankara. Zamani Vitus alikuwa akiziandika kwa mkono mpaka vidole vinamkauka. Baadaye akajifunza mwenyewe, jioni baada ya jioni, akatengeneza skripti, maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Si kitu cha ajabu. Albina aliingiza mauzo kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila bidhaa: tarehe, namba ya mteja, jina, bidhaa, idadi, bei. Mwisho wa mwezi jedwali lilihifadhiwa kama faili la maandishi matupu, skripti ikalisoma, ikakusanya mistari yenye namba moja ya mteja, ikapiga hesabu, ikaingiza kila kitu kwenye kiolezo. Kiolezo chenyewe kilikuwa ukurasa wenye jina la duka juu, na nafasi zilizowekewa alama ambamo skripti ilijaza jina la mteja, bidhaa na jumla. Kila mteja akatoka na faili lake la PDF lenye namba yake ya ankara, tayari kutumwa kwa simu au kwa barua pepe. Chini kabisa Vitus alikuwa ameandika: Asante kwa kutuamini. Mungu akubariki.

Kasimiri alipokiona kiolezo, alicheka. Alisema kinafanana na tangazo la mazishi. Hata yeye alisikia alichosema, lakini hakuomba radhi. Alibadilisha rangi, akaweka mstari wa bluu kama wa benki, akatafuta mchoro wa jengo la ghorofa ambalo hakuna mtu Sumbawanga aliyewahi kuliona, akafuta sentensi ya Mungu kwa sababu, alisema, biashara si ibada. Albina aliacha. Mtu anayefuta jina la Mungu kwenye karatasi atajibizana na mwenye jina.

Kilichomfanya ainue uso kutoka kwenye mizani ya misumari ni pale Kasimiri alipofika kwenye namba za wateja.

"Dada, mteja si mfungwa," alisema. "Ukimpa mtu namba unamdharau. Dunia ya sasa inamwita mteja kwa jina."

Albina alimweleza, kwa sauti ile ya kumfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba dukani pale hakuna anayeandikwa kwa jina lake. Mtu mzima aliyezaa huitwa kwa mwanawe. Hakuna atakayemwandika mama wa watu Rhoda kama anaita mtoto wa jirani. Na majina ya watoto hufanana, ndiyo maana Vitus alitoa namba. Kasimiri akasema ndiyo, ndiyo, huku akiangalia video kwenye simu, na jioni ile akaifundisha skripti kukusanya mauzo kwa jina. Nakala ya ile ya zamani hakuiacha. Aliandika juu yake na kuhifadhi, kama mtu anayejenga choo juu ya kisima.

Mwisho wa mwezi ankara zilitoka zikiwa nzuri kwa macho. Kasimiri alizituma mwenyewe, akasugua mikono.

Sasa, Mama Minza walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mfugaji wa kijiji cha Mollo, wa familia za Kisukuma zilizohamia na ng'ombe zao, mwanamke mwenye kicheko kikubwa aliyenunua dawa ya kupe kwa katoni. Wa pili alikuwa mke wa Msukuma mwingine, Masanja, naye ni matroni wa bweni la shule ya wasichana ya masista, ambaye ndiye aliyechukua vitu vya bweni kwa akaunti ya shule: rangi, kufuli, balbu, ndoo. Wote wawili walizaa binti wakampa jina la bibi, kama kwao inavyofanyika. Katika jedwali la Albina mmoja alikuwa kumi na nne, mwingine thelathini na moja, na jina lao lilikuwa lilelile. Skripti mpya ya Kasimiri haikuona wawili. Iliona Mama Minza mmoja, ikakusanya mistari yao yote, ikatoa ankara moja ndefu, nayo Kasimiri akaituma shuleni.

Jumatatu matroni alikuja dukani. Hakupita kwenye mlango wa wateja, alizunguka nyuma, kama mtu anayekuja kutoa pole. Alikuwa ameshika simu. Ankara ya shule ilionyesha balbu, na kufuli, na rangi nyeupe, na chini yake dawa ya kupe, pampu ya kunyunyizia ng'ombe, na kamba za kufungia ndama. Mkuu wa shule, Sista Mariana, alikuwa amemuuliza ni bweni gani lina kupe. Hakuuliza kwa utani. Matroni ana ng'ombe nyumbani, na kila mtu anajua. Alikuwa amechukuliwa funguo za bweni, akapewa mpaka keshokutwa alete maelezo, la sivyo asingerudishiwa.

Albina aliisoma ankara ile kwenye simu mpaka chini. Kisha alimwita Kasimiri, akamwonyesha kwa kidole.

Kasimiri alisoma, akavuta kola ya koti. Alisema ni kitu kidogo. Akafungua kompyuta, akapendekeza kufuta mistari ya dawa kwa mkono, kutoa PDF tena kwa namba ileile ya ankara, na kumwambia Sista ile ya kwanza aisahau.

"Namba ileile?" Albina aliuliza.

"Ndiyo. Nani ataangalia?"

"Sista Mariana ana ya kwanza kwenye simu. Ukimpelekea ya pili yenye namba hiyohiyo na vitu tofauti, utakuwa umemwambia kwamba huyu mama ameomba tumfutie wizi. Kasimiri, unataka kumzika mtu mwingine mwaka huu?"

Matroni alikaa kwenye mfuko wa saruji, akaangalia mikono yake. Kasimiri alikunja uso. Albina alijua anachosubiri. Alikuwa anasubiri mtu amwambie amekosea kwa upole. Kwa Albina upole huo haukuwepo. Ulikwenda na Vitus.

Aliingia chumba cha ndani. Kwenye kopo alimokuwa akiweka rozari ya marehemu kulikuwa na flashi. Vitus, wakati ule ambao alikuwa hawezi tena kukaa wima muda mrefu, alikuwa amemwambia anakili kila kitu humo, kwa sababu, alisema, siku moja atakuja mtu mwerevu. Alijua ukoo wake.

Albina hakuwa fundi wa kompyuta na hakudai kuwa. Alijua amri moja ya kuendesha skripti, kama anavyojua kuwasha jiko. Lakini alijua pia mahali pa kuangalia: aliweka kiolezo cha zamani na skripti ya zamani kwenye folda yake, akahakikisha safu ya namba za wateja bado ipo kwenye jedwali, kwa kuwa Kasimiri hakuifuta, alikuwa ameipuuza tu, akaongeza namba ya kuanzia ya ankara isije ikarudia iliyokwisha kutumika. Akaendesha. Kompyuta ikakaa kimya, ikatoa faili la kumi na nne na faili la thelathini na moja, kila moja peke yake. Akafungua yote mawili, akasoma kila mstari akilinganisha na jedwali, kwa sababu kaka yake alimwambia mashine haina dhamiri, ina utii tu.

Kwenye ya shule aliongeza sentensi moja katika nafasi ya maelezo: ankara hii inachukua nafasi ya ile iliyotangulia, iliyofutwa kwa sababu duka liliunganisha wateja wawili kimakosa. Ile mbovu hakuifuta kwenye kompyuta. Aliandika juu yake IMEFUTWA, akaiacha mahali pake, na ya mfugaji akaituma Mollo. Kisha akachapa ankara ya zamani, hiyo mpya, na karatasi za jedwali zinazoonyesha mauzo ya namba zote mbili, akavaa kitenge chake cha Jumapili, akamwambia matroni waondoke, na njiani akamsimulia maneno ya Kasimiri kuhusu namba na mfungwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Albina, ni wewe? Nilidhani nitamwona yule wa koti."

"Yule ni wa mapambo."

Sista Mariana alisoma ankara ya zamani na hiyo mpya zikiwa pamoja mezani. Alisoma kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari. Alifuatisha kila kitu cha bweni kwenye mistari ya thelathini na moja, akaona vinalingana na hati za kupokelea ambazo matroni mwenyewe alikuwa amesaini. Alitulia kwenye sentensi ya mwisho ya ukurasa. Asante kwa kutuamini. Mungu akubariki.

"Hii ilikuwa imepotea," alisema.

"Ilifutwa, Sista."

Sista alizikusanya karatasi zote. Alimrudishia matroni funguo za bweni kwa kuzisukuma tu mezani, bila hotuba, na akasema atamwombea marehemu kwenye misa ya asubuhi. Albina, ambaye hakuwa amelia mbele ya mtu tangu siku ile makaburini, aliangalia dirishani mpaka hamu ya kulia ikapita.

Kwenye sala za jumuiya, Alhamisi, Kasimiri alisimulia jinsi alivyogundua tatizo la mfumo na kulitatua. Alisimulia vizuri, akatumia mikono. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Albina aliendelea kusogeza punje za rozari. Hakumsahihisha. Kumsahihisha mtu ni kumheshimu, naye alikuwa ameshaweka neno la siri jipya kwenye kompyuta.

Wiki iliyofuata matroni alikuja kuchukua balbu. Albina aliinua kalamu, akataka kuandika jina kama kawaida.

"Usiandike Mama Minza," matroni alisema. "Mimi ni thelathini na moja."

"Bibi yake Minza akikusikia je?"

"Atazoea. Na umwambie yule wenu wa koti kwamba mfungwa amefika."