Nukta Mbili za Amonia

Mume wangu alifundisha kemia katika shule za upili za Kisauni tangu ujana wake mpaka kiharusi kilipomwangusha. Nami nilikuwa mwalimu wa kemia, ila shule nyingine, na wanafunzi wangu hawakunipenda vile wake walivyompenda. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na maneno karibu yote. Yalimbakia mawili matatu: “basi”, “lete”, na “wallahi”, ambalo lilimtoka bila mpango hata pasipo na la kuapia.

Simu yake haikunyamaza. Wanafunzi walizoea kumtumia picha za maswali, naye akiwachorea majibu kwenye karatasi, akiyapiga picha na kuwarudishia. Alipougua nikawa nayajibu mimi. Lakini alasiri moja, tukiwa barazani kwetu Mtopanga, ikaingia picha kutoka kwa msichana wa kidato cha nne wa Utange, naye akaiona kabla yangu. Akanyoosha mkono wa kushoto.

“Lete.”

Nilifurahi mno. Nikamletea penseli na karatasi juu ya ubao mdogo wa kuandikia, nikamkuzia ile picha kwenye kioo cha simu. Swali lilikuwa jepesi: fomula ya amonia, naitrojeni moja na haidrojeni tatu. Chora elektroni kwa nukta, taja umbo la molekuli, eleza kama ina upande chanya na upande hasi.

Akachora polepole. Herufi ya naitrojeni katikati, haidrojeni tatu zimeizunguka kama pembe za sambusa, na kati ya naitrojeni na kila haidrojeni, nukta mbili. Halafu akaandika kwamba umbo ni bapa, na kwamba molekuli haina pande. Akanitazama kama atazamavyo mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Jozi moja ya nukta ilikuwa imepotea, ile inayokaa juu ya naitrojeni peke yake, isiyofunga chochote. Bila hiyo, kweli umbo lingekuwa bapa, na mivuto mitatu ya elektroni ingefutana. Kosa lake lilikuwa moja tu; mengine yote yaliufuata mchoro wake sawasawa.

“Mwalimu,” nikamwambia, maana ndivyo nilivyomwita siku zote, “naitrojeni ina elektroni ngapi za nje?”

Akaonyesha vidole vitano.

“Na haidrojeni zote tatu?”

Vidole vitatu.

“Jumla?”

Akafikiri, akaandika nane. Halafu akashusha ncha ya penseli kwenye mchoro wake, akazihesabu nukta moja moja. Sita. Akahesabu tena. Niliuona uso wake ukibadilika, nikajuta kuuliza.

“Zimebaki mbili,” nikasema. “Ziweke tu.”

Akaziweka kando ya haidrojeni. Na haidrojeni haibebi zaidi ya mbili. Hilo alilirudia darasani mpaka watoto wakaliimba. Akalitazama alilolifanya, nami nikafahamu kwamba amejua si pake, ila pake hapaoni.

Nikatafuta njia nyingine. “Umbo je? Nionyeshe kwa mkono.”

Akaiweka penseli. Akasimamisha vidole vitatu vya mkono wa kushoto juu ya ubao, kiganja kikabaki juu, kama kigoda cha miguu mitatu. Piramidi. Sawa kabisa! Mkono ulikuwa unakumbuka.

“Ndiyo hiyo! Sasa nukta mbili ziko wapi hapo?”

Akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu. Machozi yakamshuka.

“Basi,” akasema, akausukuma ubao.

Nikauchukua. Nikaweka nukta mbili juu ya naitrojeni, nikaandika kwamba jozi hiyo inazisukuma zile tatu zikainama, ndipo ikawa piramidi. Kwamba naitrojeni huvuta elektroni kuliko haidrojeni, na kwa umbo hilo mivuto haifutani. Kwa hiyo upande wa naitrojeni ni hasi na wa haidrojeni ni chanya. Nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia. Msichana akarudisha ujumbe wa sauti: “Shikamoo mwalimu! Ahsante, sasa nimeelewa.” Mume wangu alisikia, akageuza uso ukutani.

Hakushika penseli tena. Picha zilizofuata nilizijibu jikoni, mlango nimeurudisha, ili asinione. Kiharusi cha pili kilikuja kabla ya masika, na hicho hakikumwacha.

Laini yake sijaikata. Wanafunzi hupeana namba, na wageni hawajui kwamba mwenyewe hayupo. Juzi imeingia picha ya swali la maji, chini yake pameandikwa, “Shikamoo mwalimu.”

Nikaandika, “Marahaba, mwanangu,” nikatafuta karatasi.