Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Kefule! Hata leo nikipita karibu na bucha na kusikia harufu ya mafuta ya kondoo yaliyolala, naziba pua na kutema mate. Wenzangu hudhani ni mimba. Si mimba, ni kriketi.

Ndiyo, kriketi, hapa hapa Garsen. Tulikuwa timu ya wanawake: walimu kama mimi, wauguzi wawili, wenye maduka, na yule rafiki yangu Muorma aliyekuwa akirusha mpira wa polepole, ule unaotua chini kisha ukapinda. Uwanja wetu ulikuwa kando ya barabara, udongo mweusi uliopasuka kwa kiangazi, miti ya miiba ya mathenge pande zote. Tulitandika mkeka wa kamba za nazi katikati, mpira ukadundia juu yake. Kila Jumamosi, kabla ya kutandika, tulianza kwa kuzoa mavi ya ng'ombe, maana njia ya kwenda mtoni ilikata pale pale. Ng'ombe hawajui mchezo ni nini, na wenye ng'ombe walikuwa wakitutazama kama waliopungukiwa na akili.

Mimi nilikuwa mlinda wiketi. Kazi yenyewe nilifunzwa chuo cha ualimu na mama mmoja mkali aliyetuchuchumalisha mpaka mapaja yakawaka moto. Unasimama nyuma ya vile vijiti vitatu vilivyochomekwa chini, ndiyo wiketi yenyewe, miguu imeachana kadiri ya mabega, unachuchumaa, uzito mbele ya nyayo, si kwenye visigino. Ukikaa kwenye visigino umeshalala, mpira utakupita ukikuaga. Mikono pamoja, vidole vikielekea chini, viganja wazi kuutazama mpira. Kisha unangoja. Huinuki mpaka mpira wenyewe uinuke. Na ukifika huupokonyi, unaupokea, mikono ikirudi nyuma nao kidogo, kama mtu anayerushiwa yai.

Hayo yote yanahitaji glavu, na sisi tulikuwa na jozi moja tu. Mgongo wa ngozi, na kwenye kiganja raba laini yenye vipele vidogo vidogo. Vipele hivyo ndivyo vinavyoushika mpira. Bila hivyo ni heri uvae soksi.

Wiki ile mfuko wa vifaa ulilala kwa rafiki yangu mrusha mpira, maana tulikuwa tukipokezana kuutunza. Na Jumamosi ile haikuwa ya kawaida. Timu ya Hola ilikuwa inakuja, na pamoja nao mwalimu wa kriketi kutoka Mombasa, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, anayetafuta mlinda wiketi mmoja wa timu ya wanawake ya pwani. Ama mimi, ama yule wa Hola. Wa Hola alikuwa na miaka ishirini na kitu. Mimi nilikuwa nimevuka thelathini, na nilijua nafasi ile ikinipita sitaiona tena. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima.

Asubuhi ya siku hiyo rafiki yangu akauleta mfuko, nikaufungua. Lahaula!

Harufu ilinipiga usoni. Glavu zilikuwa zinang'aa, zimelowa mafuta ndani na nje, manyoya ya mbuzi wa kwao yameganda juu yake, na siafu wamejipanga kwenye kidole gumba. Nikaingiza mkono, nikasikia ule utelezi mpaka kwenye kucha. Nikautoa mbio.

"Nani amefanya haya?"

Rafiki yangu akatazama chini. "Mama. Aliziona zimekauka, ngozi inapasuka. Akasema mwalimu wa watu ataumia mikono. Akazipaka mafuta ya mkia wa kondoo."

"Mpaka viganjani?"

"Mpaka viganjani. Alizipaka siku tatu, akizianika juani. Mwalimu, kwetu ngozi haiachwi ikakauka. Kamba ya ng'ombe hupakwa, kiatu hupakwa, mkanda wa kubebea maji hupakwa. Yeye alidhani..."

Alidhani! Nilitaka kulia. Mama mwenyewe nilimjua, mzee mtulivu aliyekuwa akinitumia maziwa kila nikiugua malaria, na kwa mambo ya ngozi hakuna aliyemzidi. Lakini kiganja cha glavu si ngozi. Ni raba, na mafuta huiharibu raba. Vile vipele vilikuwa vimevimba na kulainika kama ubwabwa uliozidi maji. Wema gani huu unaonuka hivi?

Nilizisugua kwa Omo, nikazisugua kwa majivu, nikazisuuza mara sijui ngapi. Povu lilitoka la kijivu, la kuchukiza. Nikazianika. Jua la Garsen halina mchezo, likayayeyusha mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani, yakachuruzika upya. Nzi wakaja kwa mialiko.

Mchezo ukawa tayari kuanza, Hola wakitangulia kupiga. Nikamwendea mlinda wiketi wao, aliyekuwa amekaa kivulini akingoja zamu yake ya kupiga, glavu zake mpya pajani.

"Dada, niazime glavu zako. Wewe huzitumii sasa."

Akanitazama mikono, akanusa, akasogea nyuma. "Shoga, glavu ni kama mswaki. Mtu haazimi." Akacheka na mwenzake. Nilimwona mchafu wa roho kuliko zile glavu zangu.

Basi nikaingia uwanjani ninanuka. Wa kwanza kurusha kwetu alikuwa muuguzi mmoja mwenye mkono wa nguvu, mpira wake unakuja mbio. Kwa mrushaji kama huyo unasimama mbali nyuma, pale mpira unapoanza kushuka baada ya kudunda, ukufikie usawa wa kiuno. Si woga huo, ni akili: ukimkaribia, mpira utakutoa meno kabla hujaona. Nilichuchumaa vizuri, nikainuka vizuri, mikono ikarudi nao vizuri. Mpigaji akaugusa kwa ukingo wa gongo lake la kupigia, ukaja moja kwa moja kwangu; nikiudaka kabla haujagusa chini, ametoka, na huo hata mtoto angeudaka.

Ukateleza. Ukapita katikati ya viganja vyangu kama kambare, ukaanguka udongoni.

Watu wakaguna. Mwalimu wa Mombasa akainamisha kofia. Nikaudondosha na wa pili. Jasho lilikuwa limechanganyika na mafuta, linashuka mpaka viwiko, na kila nilipojifuta uso nilijipaka kondoo puani. Niliyachukia mafuta, nikamchukia yule mama, nikauchukia huo mchezo wa wazungu na mikeka yake.

Ndipo ikaja zamu ya rafiki yangu na mpira wake wa polepole, na mpigaji akawa yule yule mlinda wiketi wa Hola. Kwa mpira wa polepole huna ruhusa ya kukaa nyuma. Unasogea mpaka vijitini, pua karibu ivisukume, lakini glavu hazivuki mbele mpaka mpira ugonge gongo au uvipite vijiti. Mpigaji anajua uko pale. Akithubutu kutoka nje ya mstari wake, ule uliochorwa mbele ya vijiti, akaukosa mpira, unauchukua na kuvunja wiketi kabla hajarudi. Ukikaa nyuma, anatembea nje anavyotaka kama anakwenda sokoni.

Na mimi nilikaa nyuma. Kwa glavu zile, pale mbele ningeaibika mpira baada ya mpira. Dada wa Hola akageuka, akaniona niko mbali, akatabasamu. Mpira uliofuata akatoka hatua mbili, akaupiga mpaka kwenye mathenge. Na mwingine vivyo hivyo.

Nikamwona mwalimu wa Mombasa akimnong'oneza mwenzake. Sikuhitaji kusikia. Alikuwa anasema, "Huyu mzee anaogopa."

Aka! Mimi, kuogopa?

Lisilobudi hutendwa. Nikavua glavu zote mbili, nikazitupa nyuma huko walikokuwa nzi. Nikaifuta mikono kwa udongo mkavu mpaka ikakwaruza. Kisha nikatembea mpaka vijitini, nikachuchumaa, mikono mitupu.

"Mwalimu, wewe!" rafiki yangu akaita. "Utavunjika!"

"Rusha."

Mwamuzi akanitazama, akainua mabega. Hakuna sheria inayomlazimisha mlinda wiketi kuvaa glavu. Dada wa Hola hakugeuka tena kutazama; alishaamua mikono yangu mitupu haina la kumfanya. Rafiki yangu akatupa mpira juu, wa taratibu, wa kutamanisha. Dada akatoka akiucheza kama mtu anayekanyaga ngoma. Mpira ukatua kwenye ukingo wa mkeka, pale kamba zilipofumuka, ukapinda, ukaruka juu kuliko kawaida. Gongo likakata hewa.

Vidole chini, nilijiambia, vidole chini. Lakini mpira ulikuwa umeruka, na mkono wa kulia ukaufuata juu. Ulinigonga kwenye ncha ya kidole cha pete. Nilisikia mlio wake, mdogo, kama kijiti cha kiberiti kikivunjika. Kisha ukaangukia kiganja cha kushoto, nikaufunga, nikaupeleka vijitini kwa mkono ule ule. Vile vijiti viwili vidogo vinavyolazwa juu ya wiketi vikaruka.

"Vipi huyo!" nikamwuliza mwamuzi kwa kelele, na sauti ikatoka pamoja na machozi.

Mwamuzi akainua kidole: ametoka. Dada wa Hola alikuwa bado nje ya mstari, mdomo wazi.

Jioni mwalimu wa Mombasa akanijia. Akanishika mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umevimba kama kiazi. "Nimewaona wengi," akasema. "Hakuna aliyenionyesha mikono kama hiyo. Nilikuwa nimeshakuchagua pale pale." Akakitazama kidole. "Lakini mazoezi yanaanza Jumatatu, dada yangu. Mfupa huu hautashika mpira kwa wiki nyingi. Itabidi nimchukue yule mwingine."

Yule mwingine alikuwa anapanda gari na glavu zake mpya.

Niliketi kwenye kigogo, sina hasira tena, nimebaki na kinyaa tu, kinyaa cha kila kitu, hata cha mkono wangu. Mama wa rafiki yangu akaja akivuta shuka lake. Alikuwa amesikia nimeumia. Hakuuliza mengi. Akaketi chini, akakichukua kile kidole kwa vidole vyake vikavu, taratibu, taratibu, akafungua kikopo.

Harufu ile ile. Mafuta ya mkia wa kondoo.

Nilitaka kuuvuta mkono. Nilitaka kumwambia kila kitu, mbele ya binti yake aliyesimama ameshika glavu zile, kichwa kimeinama. Mama akapaka, akapuliza, akapaka tena, akakifunga kwa kitambaa. Kisha akaniinulia uso, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Na zile glavu, mwanangu? Zilikufaa?"

Nikameza mate yaliyojaa kondoo.

"Zilinifaa, mama," nikasema. "Zilikuwa laini sana."