Kitambaa cha Shingoni cha Elihu Stiltner

Katika ukoo wa kina Ramey, Opal ndiye aliyekuwa na mapafu mazuri kuliko wote, na sababu ni moja tu: hakuwahi kuingia mgodini. Baba yake aliingia, akatoka na kikohozi, akazikwa nacho. Opal yeye aliendesha basi la shule mpaka mgongo ukamgomea. Hapo maktaba ya wilaya ikampa meza kwenye chumba cha chini, penye unyevu na kompyuta, atie rangi picha za kale za wachimba makaa wa jimbo lao la West Virginia, Marekani.

Hakushika brashi. Aliipa mashine picha ya nyeusi na nyeupe pamoja na maagizo ya maandishi: hiki rangi hii, kile rangi ile. Ugumu ni kwamba mashine haijui kusema "sijui." Ukiiachia pengo italijaza, kwa ujasiri wa mlevi anayemwelekeza mgeni njia.

Siku moja Delphia Stiltner, bibi wa miaka themanini na kitu, akashuka ngazi na gongo lake la miguu minne. Alileta picha ya babu yake, Elihu, amesimama mbele ya shimo la mgodi na kitambaa cheusi shingoni. Bondeni pale jina la Elihu lilikuwa tusi. Walisema mwaka 1921, wenzake walipoandamana na bunduki kudai chama chao cha wafanyakazi, yeye alibaki akimchimbia mwenye mgodi makaa. Waandamanaji walitambuana kwa vitambaa vyekundu shingoni. Sasa ukumbi wa chama ulikuwa unachonga majina yao ukutani.

"Haya, mwanangu, mpake rangi babu."

"Simpaki, Bibi Delphia. Namwelezea tu."

"Basi mweleze vizuri, asije akatoka kama kahaba wa mjini Charleston."

Opal akacheka, na kicheko kikamponza. Aliandika anayoyajua: taa ya kofia ni ya shaba, kama ile iliyomo kabatini mwa maktaba, ovaroli ni denimu ya buluu. Kitambaa akakisahau. Akabonyeza, akamgeuzia bibi kioo cha kompyuta.

Kilikuwa chekundu. Chekundu cha damu mbichi.

Delphia alijiziba mdomo kwa kiganja. "Unamwona? Mama yangu alitemewa mate kanisani kwa ajili ya mtu huyu. Unamwona?"

Opal angeweza kunyamaza. Nani angejua? "Bibi, mashine imebahatisha."

"Imebahatisha ukweli."

Opal akabonyeza tena, maagizo yaleyale. Kikatoka cha kahawia. Akabonyeza tena. Kijani.

"Rudisha kile cha kwanza," Delphia akasema.

"Sahani za kioo za kupigia picha za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, bibi, ziliitoa nyeusi. Kwa hiyo huenda kilikuwa chekundu. Lakini cheusi nacho hutoka cheusi, na kahawia vilevile. Picha haisemi."

Kisha akaandika upya, polepole: "Taa: shaba, hakika, kwa mfano uliopo. Ovaroli: denimu ya buluu, yaelekea, kwa mshono wake. Kitambaa cha shingoni: rangi haijulikani, kiache katika kijivu cha picha ya awali, usikijaze. Macho: hayajulikani, yaache hivyohivyo."

Elihu akatoka na rangi zake, na shingoni kipande cha majivu.

Kamati ya majina ilikaa ukumbini mwa chama, Opal na Delphia mbele yao, kahawa imechacha kwenye birika. Mwenyekiti wao, Harless Blankenship, akaishika picha mbali na macho.

"Haya, Opal. Ni chekundu au si chekundu?"

"Sijui, Harless."

"Wilaya inamlipa mtu asijue!" mmoja akadakia nyuma, watu wakaangua kicheko.

"Nawe ulifeli darasa la nne bila malipo, Virgil, nyamaza," Opal akamjibu.

Harless hakucheka. "Tulikubaliana: jina kwa ushahidi. Sema neno moja tu, nalichonga kesho."

Delphia alimtazama Opal. Hakuomba. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

"Huenda kilikuwa chekundu," Opal akasema. "Zaidi ya hapo nitakuwa naongopa."

Harless akairudisha picha mezani, akaita jina linalofuata.

Opal alimpeleka bibi nyumbani kwa pikapu. Kwenye ngazi za baraza akampa mkono ajishikize. Delphia hakuupokea, akapanda kwa gongo lake, ngazi moja, akapumua, ngazi nyingine.

"Ungenidanganya tu, mwanangu," akasema akitafuta funguo. "Mimi ni wa kufa leo kesho. Nani angekudai?"

Mlango ukafungwa, na ndani komeo likasukumwa.