Dawa za Wageni

Mdogo wangu wa kike alikuwa anarudi kazini Holili jioni ile, na nilitaka tumalize gemu tuliyoianza pamoja likizo yake ilipoanza. Joka la mwisho lilikuwa limeshaniua mara sita. Alichukua padi ya kuchezea mikononi mwangu, akafungua begi la mchezaji wangu, akakuta dawa kumi na mbili za kurudisha uhai wote.

"Kaka, hizi unamwekea nani?"

"Ni adimu. Huenda mbele kuna baya zaidi."

"Mbele wapi? Hili ndilo la mwisho. Wewe ni mama kabisa na vikombe vyake vya wageni."

Nilicheka. Nimehama miji mingi, na kila nikirudi nyumbani Marangu navikuta vikombe vile kabatini, vikavu, havijatumika.

Akanipa kanuni yake: bakiza mbili, nyingine tumia; na majani ya kuchanganyia dawa yakijaa, yachanganye ili begi lipate nafasi.

Nilichukua tena padi, nikatumia dawa tatu, joka likaanguka.

Wakati wa chai nilivitoa vikombe kabatini. Mama akauliza ni mgeni gani anakuja.

"Anayeondoka," mdogo wangu akamjibu.

Mama alivitazama kidogo, kisha akamimina.