Mukhwana Anawaonea Kuku Wivu

Mume wangu Mukhwana amesaga mahindi hapa Kiminini miaka ishirini na mbili, na ukimwambia avae vizuia kelele anakucheka. "Masikio yangu yameshakomaa, bana. Hii mashine haiyasumbui tena." Ati akiyaziba, atajuaje mahindi yameisha mashineni kama hasikii mlio ukibadilika?

Siku za Jumamosi yeye ndiye mwalimu wa kwaya yetu, na hapo ndipo vita vilianza. "Mnameza maneno!" anafoka. Jerono, mama wa watoto watatu mwenye sauti safi kutushinda sote, akaambiwa apanue mdomo mpaka nikaliona koromeo lake. Wapi! Mzee akatangaza kwamba asipotamka vizuri kufikia Jumapili ya mavuno, anatoka kwaya. Jerono akaenda nyumbani akilia, nami nikawaka.

"Baba Phelista, Jumatatu tunaenda Bungoma upimwe masikio. Ukikataa, utajipikia ugali."

Mpimaji, dada mmoja anaitwa Sumeya, alimfungia kwenye kachumba, akampa kitufe cha kubonyeza akisikia mlio. Mzee akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Sumeya akafungua mlango. "Mzee, bado sijaanza."

Kumbe masikio yake yanalia yenyewe mchana kutwa! Naye alidhani kila mtu yuko hivyo.

Walipomaliza, Sumeya akatuonyesha picha. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, kimejaa maji. Humo mna seli ndogo sana zenye vinyweleo. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinyweleo vinapinda, na habari inaenda kwenye ubongo. Kelele kali ya kila siku inavivunja vinyweleo mpaka seli zinakufa, na za sauti nyembamba ndizo hutangulia.

"Hayajakomaa, mzee. Yanakufa kidogo kidogo."

"Sawa. Hizo seli zitaota lini tena?"

"Za binadamu hazioti. Za kuku ndizo huota upya."

Mukhwana akamkazia macho. "Kuku? Hawa tunakula?"

"Hao hao."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. "Na Jerono, yule wa kwaya ninayemwambia anameza maneno?" akauliza.

"Sauti kama s na f ni nyembamba. Pengine anazitamka vizuri tu. Wewe ndiye hazikufikii. Zilizokufa zimeenda, mzee, lakini zilizobaki tunaweza kuzilinda. Vaa vizuia kelele. Mlio wa mashine ukibadilika bado utausikia."

Hapo kicheko kikaniisha.

Jumamosi akasimama mbele ya kwaya, kofia mkononi. "Jerono, hukumeza kitu. Ni masikio yangu. Nimekukosea, tena mbele ya watu. Nisamehe. Kuanzia leo wewe ndiye utasikiliza maneno, mimi nitashika mdundo."

Jerono akaitikia kwa kichwa tu, machozi yamemjaa. Tukaimba wimbo wote. Mukhwana alikuwa anatuangalia midomo, mmoja mmoja, na tulipomaliza akamsogelea Jerono.

"Maneno yalisikika vizuri?" akamuuliza.