Shuka za Mchungaji

Mchungaji alikuwa aje kulala kwetu, kwa hivyo wifi yangu akaloweka shuka nzito za pamba Ijumaa asubuhi, akaenda kuchuma chai, akazisahau. Nusu saa ingetosha. Nilipofunua beseni Jumapili baada ya kanisa, maji yalikuwa ya kijivu, yakiteleza kama kamasi, na yalinuka maziwa yaliyooza.

"Anika tu, jua litamaliza hiyo harufu," wifi akaniambia. Jua gani, hapa Boito penye mvua kila siku?

Nilimwaga uchafu ule, nikafua upya kwa sabuni. Tulishika kila shuka ncha mbili tukaisokota, yeye akivuta kivivu. Maji ya mvua hayatoi sabuni haraka. Tulisuuza mara mbili na bado povu lilikuwa linatoka. Nikamwambia asuuze tena mpaka maji yatoke safi, nikaenda kukamua ng'ombe. Niliporudi zilikuwa kwenye kamba, zikidondosha povu, naye ameshaingia ndani.

Mchungaji alilala juu ya shuka hizo Jumatano. Asubuhi alitoka akijikuna shingo, akakataa hata chai. Wifi akamwomba msamaha kwa niaba yangu, akamwambia nyumba yangu ina kunguni.