Mlango wa Mama

Nilipoamua kumleta mama kutoka Koboko aje kuishi nasi Arua, kwanza ilibidi nyumba itengenezwe. Bati lilikuwa linavuja, na stoo ya nyuma nilitaka iwe chumba chake, chenye bafu la ndani. Mimi na mume wangu tuligawa akiba yetu: paa, bomba na umeme, lipu, kisha vigae vya sebuleni, ambavyo nilikuwa nimevitamani miaka. Fungu dogo tuliliweka kando kwa dharura.

Fundi mkuu, mtu wa Manibe mwenye kucheka ovyo, alitupangia kazi. Paa kwanza, ili mvua isituharibie kitakachofuata. Baadaye fundi bomba na fundi umeme wachimbe kuta, ndipo lipu ije ifunike. Akanionya kwamba lolote la kubadilisha kwenye ukuta niliseme kabla ya Jumatatu ya kuanza lipu. Baada ya hapo tutalipia kubomoa.

Kila nilipompigia mama simu nimuulize bafu likae upande gani, alinijibu habari za kuku. Paa likaisha, mabomba yakafika, yeye bado kuku. Ijumaa ya kabla ya lipu nikaenda Koboko mwenyewe, nikamchorea chumba kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza yake. Alikitazama akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mlango ya kutoka nje iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, atapitia sebuleni.

"Na watu yangu wote watapita mbele ya bwana yako? Mimi nitakuwa mgeni kila siku."

Kumbe kuku walikuwa kisingizio. Mama ameuza vitenge sokoni maisha yake yote, na nyumbani kwake watu huingia bila hodi. Nilikuwa nimempangia bafu, taa, hata ndoano ya taulo, na sikuwahi kumuuliza angependa kuishi vipi. Nikaketi palepale juu ya mchoro wa mkaa nikacheka, naye akacheka. Bafu akalichagulia kona papo hapo.

Fundi nilimpigia nikiwa bado barazani, nikamwomba mlango wa nje. Akasema inawezekana, ila ukuta utobolewe kesho, linta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, imwagwe na ipewe muda wa kukauka, swichi ihamishwe, na lipu ya chumba hicho isogee wiki moja. Akataja gharama. Fungu la dharura lilikuwa limekwisha kwenye mbao za paa zilizoliwa na mchwa.

Nikampigia mume wangu. "Basi vigae vingoje," akasema, kama mtu aliyeambiwa chai imechelewa.

Sebule ikabaki na saruji iliyosuguliwa, ambayo kusema kweli ni rahisi kupiga deki. Mama alihamia rangi ikiwa bado inanuka. Wiki ya pili nilimkuta na wanawake wawili nisiowajua, wamekaa kitandani wakinywa chai, wakibishana kuhusu bei ya vitenge. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama mimi ni jirani.